Vitenzi Vingi, Tukio Moja: Namna ya Kuamua

Kuna kanuni moja ya sarufi ambayo wengi wetu tuliipokea shuleni na tukaipitisha kwa wanafunzi wetu bila kuiuliza maswali. Kanuni hiyo husema: hesabu vitenzi, nawe utapata idadi ya matendo. Kitenzi kimoja, tendo moja. Vitenzi vitatu, matendo matatu. Ni kanuni nyepesi kuiandika ubaoni, na mtoto wa darasa la tano huishika kwa siku moja. Ubaya wake ni kwamba si ya kweli. Katika sentensi “Mama alikuwa anapika” mna vitenzi viwili, lakini hakuna atakayesema kwamba mama alifanya mambo mawili, moja la kuwa na jingine la kupika.

Katika makala haya tumekusudia kuwaonyesha walimu wanafunzi jinsi wataalamu wa lugha wanavyoamua kama vitenzi vilivyofuatana vinaeleza tukio moja au matukio kadhaa. Hatutaanza na Kiswahili, bali tutakwenda kwanza Afrika Magharibi, kwani huko ndiko swali hili lilikoanza kuulizwa kwa makini, kisha tutarudi na vipimo tulivyovipata tuvijaribu kwenye lugha yetu na kwenye madaftari ya watoto.

Tuchukue sentensi ya Kiakani, lugha kubwa ya Ghana ambayo baadhi ya lahaja zake huitwa Kitwi na Kifante. Mtu akitaka kusema kwamba Kofi alikata nyama kwa kisu, atasema: “Kofi de sekan twaa nam.” Tukiifasiri neno kwa neno tutapata: Kofi, chukua, kisu, kata, nyama. Wakati uliopita umetiwa kwenye kitenzi cha pili, kwa kuwa hicho cha kwanza, “de”, hakipokei alama ya wakati. Kiswahili hapo hutumia kihusishi “kwa”. Kiakani hutumia kitenzi kingine. Hakuna neno la kuunganisha kati ya vitenzi hivyo viwili, hakuna kiima cha pili, wala msemaji hatui sauti katikati. Mpangilio wa namna hii ndio wataalamu wanaouita vitenzi mfululizo. Hupatikana pia katika Kiewe na Kiyoruba, na mbali na Afrika katika Kichina, katika Kithai, na katika lugha nyingi za Papua Nyugini.

Mtu anayefuata kanuni ya kuhesabu vitenzi atasema kwamba Kofi alifanya matendo mawili: kwanza alichukua kisu, kisha akakata nyama. Pengine ndivyo ilivyokuwa, kwani ni vigumu kukata kwa kisu usichokishika. Basi na tutazame mfano wa pili, ambao hauna mlango huo wa kutokea. Waakani wakitaka kusema kwamba Kofi alimfanyia Ama kazi, husema kwa mpango huu: Kofi, fanya, kazi, pa, Ama. Kitenzi cha mwisho ni “ma”, ambacho kikisimama peke yake maana yake ni kumpa mtu kitu. Tukihesabu matendo tutaanza kuitafuta zawadi aliyopewa Ama, na hatutaiona. Hakuna kilichotoka mkono huu kikaingia mkono ule. Kitenzi “pa” hapo kinafanya kazi ileile inayofanywa na kiambishi “-i-” cha Kiswahili katika “alimfanyia”. Sisi tumekitia kiungo hicho ndani ya kitenzi. Wao wamekiweka nje, kikawa kitenzi kamili machoni. Tendo ni lile lile moja.

Jambo hili halikuanza kuonekana jana. Johann Gottlieb Christaller, mmisionari aliyeishi miaka mingi na Waakani, alichapisha sarufi ya lugha yao mwaka 1875, na humo alikwisha kuzitenga aina mbili za mfuatano wa vitenzi. Katika aina ya kwanza, kitenzi kimoja ndicho kiini na kingine ni msaidizi wake, kinachoonyesha chombo, mahali au mtu aliyefaidika. Vyote pamoja vinafanya jambo moja. Katika aina ya pili, vitenzi viwili au zaidi vyenye uzito sawa vinawekwa bega kwa bega kwa sababu tu vina kiima kimoja, na kila kimoja kinaeleza tendo lake. Yaani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tayari ilikwisha onekana kwamba umbo linaweza kuwa moja na hesabu ya matukio ikawa mbali mbali. Swali lililobaki ni hili: utajuaje mfuatano ulio mbele yako ni wa aina ipi? Huwezi kujibu kwa kusema “naona hivyo”, kwa maana mwenzako naye ataona vingine. Ndiyo sababu vikatafutwa vipimo.

Kipimo cha kwanza ni ukanushi. Ikiwa vitenzi viwili vinaeleza mambo mawili, basi inapasa iwezekane kulikana moja na kulikubali jingine. Kwa Kiswahili tunasema bila taabu: “Alichukua kisu lakini hakukata nyama.” La kwanza lilitokea, la pili halikutokea. Je, Mwakani anaweza kusema hivyo ndani ya mfululizo wake? Hawezi. Akitaka kuyatenga, hana budi kuuvunja mfululizo: ataweka neno la kuunganisha, na kitenzi cha pili atakipa kiambishi chake cha nafsi. Mfululizo wenyewe ukikanushwa, hukanushwa wote kwa pamoja. “Kofi amfa sekan antwa nam” maana yake ni kwamba haikuwa hivyo kwamba Kofi alikata nyama kwa kisu.

Hapa msomaji makini atatuzuia. Atasema: mbona katika sentensi hiyo kila kitenzi kina alama yake ya kukanusha? “De” ameondoka na mahali pake pameshikwa na “fa”, ambacho nacho ni “chukua”, na kimekuwa “amfa”. “Twa” nacho kimekuwa “antwa”. Alama ni mbili. Je, si kukana mara mbili? Ni swali zuri, na jibu lake linafaa kukumbukwa na kila mwalimu wa sarufi. Hatuhesabu alama, tunahesabu maana. Fikiri juu ya sentensi yetu “Watoto wadogo wawili wale wanacheza.” Kiambishi “wa-” kimetajwa mara tano, lakini hatuna makundi matano ya watoto. Ni upatanisho tu: neno moja limewavuta wenzake wavae sare moja. Alama ya kukanusha ya Kiakani hufanya hivyo hivyo. Huenea katika mfululizo wote kama sare, na kukana ni kumoja. Katika Kiyoruba mambo ni wazi zaidi, kwa sababu neno la kukanusha hutajwa mara moja tu, mbele ya kitenzi cha kwanza. “Leta kitabu” kwa Kiyoruba ni “mu iwe wa”, yaani chukua, kitabu, njoo (tumeziacha alama za toni). Ukiweka neno la kukanusha mwanzoni, kuleta kote kumekanushwa. Lugha mbili, mavazi mawili, maana moja.

Kipimo cha pili ni wakati. Matukio mawili yanaweza kutokea kwa saa mbili tofauti; tukio moja lina wakati wake mmoja, hata kama limechukua siku nzima. Kwa hiyo tunajaribu kumpa kila kitenzi wakati wake. Kiswahili huruhusu: “Jana alichukua kisu, na leo akakata nyama.” Mfululizo wa Kiakani hauruhusu. Ukitaka kuweka jana kwenye kuchukua na leo kwenye kukata, lazima uzitenganishe sentensi. Mwaka 2007 kundi la wataalamu lililoongozwa na Jürgen Bohnemeyer lilichapisha uchunguzi wa lugha 18 uliokifanya kipimo hiki kuwa msingi wake. Kanuni yao tunaweza kuieleza hivi: fungu la maneno linaeleza tukio moja ikiwa neno lolote la wakati unalolitia humo, liwe “jana”, “saa mbili” au “kwa muda wa siku tatu”, haliwezi kushika sehemu moja ya tukio na kuziacha nyingine. Likiweza kuchagua sehemu, basi matukio ni zaidi ya moja.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haijali idadi ya vitenzi hata kidogo. Inaweza kutumika kwa lugha yenye vitenzi mfululizo na isiyo navyo, kwa sentensi ya kitenzi kimoja na ya vitenzi vitano. Wachunguzi hao walijishughulisha hasa na safari: mtu kuondoka mahali, kupita mahali, na kufika mahali. Walikuta kwamba lugha hazigawani njia kwa mtindo mmoja. Katika baadhi ya lugha, kitenzi kimoja hubeba safari nzima. Katika Kiewe, vitenzi vya kutoka, kupita na kufika hupangwa katika mfululizo. Na katika Kiyukateki, lugha ya Wamaya wa Meksiko, kila hatua ya safari haina budi kupewa sentensi yake: aliondoka hapa, alipita pale, alifika kule. Safari ni ile ile, lakini vifurushi vinavyofungwa na sarufi havilingani.

Baada ya vipimo hivi viwili mtu anaweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Haijaisha, na hapa ndipo penye utelezi. Tazama mfuatano mwingine unaopatikana katika lugha nyingi za Afrika Magharibi: Ama, pika, wali, kula. Hakuna kiunganishi, kiima ni kimoja, wali ndio uliopikwa na ndio ulioliwa, na ukikanusha unakanusha vyote. Kwa vipimo vya sarufi tumo ndani ya mfululizo mmoja. Lakini kupika na kula? Moto umewashwa, maji yamechemka, wali umeiva, umepakuliwa, ndipo ukaliwa. Wako watakaosema kwamba haya ni matendo mawili, akili ya kila mtu yaonyesha hivyo. Wengine watajibu kwamba kwa msemaji wa lugha ile ni jambo moja lenye hatua mbili, kama sisi tunavyosema “alisherehekea” bila kutaja kupika, kula na kucheza ngoma.

Wanapobishana hivyo, hoja yao huweza kugeuka mduara. Mmoja husema: “Huu ni mfululizo wa kweli kwa sababu unaeleza tukio moja.” Ukimwuliza amejuaje kwamba ni tukio moja, hujibu: “Kwa sababu umesemwa kwa mfululizo wa kweli.” Ni sawa na mtu anayethibitisha urefu wa kitambaa kwa rula aliyoikata kutoka kitambaa kile kile. Ili kuutoka mduara huu, inatupasa tupate ushahidi ambao haukutoka katika sarufi, kitu ambacho msemaji anakifanya bila kukusudia anapokuwa akisimulia.

Ushahidi wa namna hiyo uliotafutwa mapema ni kimya, yaani mahali msemaji anapotua. Talmy Givón aliufuatia katika lugha za Papua Nyugini, mojawapo ikiwa Kikalam, na akachapisha matokeo yake mwaka 1991. Kikalam kina sifa ya ajabu: mashina yake ya vitenzi ni yapata 130 tu, kama Andrew Pawley alivyoonyesha, hivyo mambo mengi ambayo sisi tuna kitenzi chake hupatikana kwa kuunganisha vitenzi kadhaa vidogo. Kwenda kuleta kuni kunaweza kusemwa kwa mpango wa: enda, piga, chukua, njoo, weka. Je, ni matukio matano? Givón aliwapa watu hadithi katika filamu, akawataka waisimulie, kisha akapima vimya katika masimulizi yao. Alifikiri hivi: mtu anapomaliza jambo na kuanza jingine, aghalabu hutua. Kama kila kitenzi cha mfululizo kingekuwa tukio kamili, basi kimya kingeingia kati ya kitenzi na kitenzi kama kinavyoingia kati ya sentensi na sentensi. Haikuwa hivyo. Ndani ya mifululizo vimya vilikuwa haba. Vilijikusanya mipakani mwa vishazi. Masikio basi yalikubaliana na ukanushi.

Ushahidi mwingine ni wa mikono. Rebecca Defina alikwenda kwa Waavatime, watu wa milima ya mashariki ya Ghana, akachapisha uchunguzi wake mwaka 2016. Lugha yao ina vitenzi mfululizo, na pia ina njia nyingine za kuweka vitenzi viwili katika usemi mmoja. Sote twajua kwamba mtu akisimulia kwa mdomo, mikono nayo husimulia. Swali la Defina lilikuwa: ishara moja ya mkono hufunika nini? Aligundua kwamba msemaji anapotumia mfululizo, mara nyingi mkono hufanya ishara moja tu inayoanzia na kumalizikia pamoja na mfululizo wote. Anapotumia miundo mingine ya vitenzi viwili, aghalabu mikono hutoa ishara mbali mbali, au ishara hushikamana na kitenzi kimoja na kukiacha kingine. Tuangalie sana neno “mara nyingi”. Huu si mzani wa dukani unaotoa jibu moja kila unapopimia. Ni mwelekeo, na unapata nguvu yake kwa kuwa mikono haikufundishwa sarufi na mtu yeyote, na bado imekubaliana nayo.

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili hakiwekwi katika kundi la lugha za vitenzi mfululizo, kwa kuwa karibu kila kitenzi chetu huvaa kiambishi chake cha nafsi. Lakini vipimo ni vile vile, na faida yake kwa mwalimu ni kubwa. Tumewahi kupokea fungu la madaftari ya insha kutoka darasa la sita, yakiwa yamekwisha kusahihishwa na mwalimu mwingine. Katika daftari moja mtoto alikuwa ameandika hivi: “Dada alikwenda kisimani akateka maji akaleta nyumbani. Mimi nilikuwa nimelala. Mama alitaka kuniamsha.” Mwalimu alikuwa amehesabu vitenzi, akapata saba, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mtoto amejaza matendo saba katika mistari miwili na kwamba aandike sentensi saba fupi. Alama zilizokatwa zilikuwa nyingi. Tukikaa na sentensi hizo tatu kwa vipimo vyetu, tutaona kwamba kila moja ina hesabu yake.

Ya kwanza ina vitenzi vitatu: alikwenda, akateka, akaleta. Tupime kwa wakati: “Alikwenda kisimani asubuhi, akateka maji adhuhuri, akaleta nyumbani jioni.” Inakubalika, ingawa tutamhurumia dada kwa foleni ya kisimani. Tupime kwa ukanushi: “Alikwenda kisimani lakini hakuteka maji.” Inakubalika. Tuongeze kipimo cha kiima: “Dada akateka maji, kaka akaleta nyumbani.” Inakubalika pia. Kwa vipimo vyote matukio ni matatu, na kiambishi “-ka-” ndicho kinachoyafunga kwa utaratibu wa kutokea. Lakini kuwa na matukio matatu hakumaanishi kwamba zinahitajika sentensi tatu. Kazi yenyewe ya “-ka-” ni kuyafululiza matukio katika usimulizi mmoja. Mtoto alikitumia chombo cha lugha yake kwa kazi iliyokusudiwa.

Ya pili ina vitenzi viwili: nilikuwa nimelala. Tupime kwa wakati: “Nilikuwa jana nimelala leo.” Haiwezekani kabisa. Tubadilishe nafsi ya kimojawapo: “Nilikuwa amelala.” Imevunjika. Viambishi vya nafsi ni viwili, lakini mtu ni mmoja, kama zile “wa-” tano za watoto wanaocheza. Tukio ni moja. Hapa kipimo cha ukanushi kinatufundisha unyenyekevu, kwa sababu tunaweza kusema “Sikuwa nimelala” na pia “Nilikuwa sijalala”. Alama ya kukanusha ina nafasi mbili za kukaa. Mwenye haraka atasema, basi ni matukio mawili! Lakini sikiliza maana: katika sentensi zote mbili, kinachokanwa ni kulala. Hakuna hali ambayo kuwa kunakanwa na kulala kunabaki. Ndiyo maana hatutegemei kipimo kimoja. Vikikubaliana vitatu tunatulia, na kimoja kikipingana na vingine tunauliza kwanza kama tumesoma maana au tumehesabu alama tu.

Ya tatu ni “Mama alitaka kuniamsha.” Hapa pana jambo ambalo mifululizo ya Kiakani haina. Kofi alipo-chukua-kisu-kata-nyama, nyama ilikatwa. Msemaji amekwisha kulithibitisha. Lakini mama alipotaka kuniamsha, je, niliamshwa? Sentensi haisemi. Ningeweza kuendelea: “lakini hakuniamsha.” Kitenzi cha jina, yaani chenye “ku-”, kinalitaja tendo bila kudai kwamba lilitokea. Kwa hiyo hapa jambo lililotokea ni moja, kutaka, na lile la pili limo ndani ya nia ya mama. Ni vivyo hivyo kwa “alikwenda kununua samaki”: kwenda kulitokea, kununua tutakuuliza. Linganisha na “alikwenda akanunua samaki”, ambamo samaki amekwisha kupatikana. Kipimo hiki, cha kuuliza ni kipi kilichothibitishwa, ndicho kinachowafaa watoto zaidi, kwa sababu hakihitaji istilahi yoyote. Waulize tu: samaki yupo au hayupo?

Basi tujumlishe. Mwalimu yule alihesabu vitenzi saba, naye mwanafunzi alieleza matukio matano: matatu ya dada, moja la kulala kwake, moja la mama kutaka. Kuamsha hakukutokea kwa kadiri tulivyoambiwa. Sentensi zilizohitajika ni tatu, na mtoto aliandika tatu. Hakuna alama hata moja iliyostahili kukatwa hapo. Hesabu ya vitenzi, hesabu ya matukio na hesabu ya sentensi ni hesabu tatu mbali mbali, na lugha haikuahidi popote kwamba zitalingana.

Kiswahili kinatuonyesha pia jinsi kitenzi kinavyoweza kupoteza tukio lake polepole. “Alitoka Morogoro saa mbili, akapita Chalinze saa nne kasoro robo, akafika Dar es Salaam saa sita.” Hayo ni matukio matatu, kila moja na saa yake. Sasa sema: “Alisafiri kutoka Morogoro kupitia Chalinze hadi Dar es Salaam.” Hayo “kutoka” na “kupitia” yalizaliwa na vitenzi, na sura yao ya kitenzi bado inaonekana, lakini katika sentensi hii hayataji tendo, yanaonyesha njia, kama “hadi” inavyoonyesha mwisho wake. Safari ni moja, na ukisema “kwa saa nne” umeipima yote. Katika Kiakani kitenzi “de” kimekwenda mbali katika njia hiyo hiyo: kimekataa alama za wakati, kimekataa kukanushwa, na kwa sehemu kubwa kimebaki kuonyesha chombo. Ndiyo sababu wataalamu wengine hubishana kama “de” ingali kitenzi au imekwisha kuwa kihusishi. Mpaka kati ya vitenzi viwili na kitenzi kimoja chenye kihusishi si ukuta. Ni mteremko, na maneno hukutwa mahali popote juu yake.

Limebaki jambo moja ambalo hatungependa walimu wanafunzi walipite. Diedrich Westermann, mtaalamu wa Kijerumani aliyekijua Kiewe kuliko Wazungu wengi wa wakati wake, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1930 kwamba Waewe wana vitenzi vingi mfululizo kwa sababu huligawanya kila tukio vipande vipande na kukitaja kila kipande, hali Waingereza hulishika jambo kuu na kuyaacha mengine kwenye vihusishi. Alikuwa mwangalifu katika kukusanya mifano, lakini katika maelezo hayo alifanya kile ambacho mwalimu wa wino mwekundu alikifanya: alihesabu vitenzi akadhani amehesabu mawazo. Kimya cha Wakalam na mikono ya Waavatime vinaelekea upande mwingine: mwenye kusema chukua-kisu-kata-nyama mara nyingi ameshika jambo moja akilini kama anayesema alikata kwa kisu. Kutoka “lugha yao hutaja vitenzi vingi” hadi “wao huyaona mambo vipande vipande” ni hatua kubwa, na aliyeipiga bila kipimo hakuwahukumu vitenzi tu, aliwahukumu watu.

Katika mazoezi ya kufundisha, ndugu mwalimu, andika ubaoni sentensi nne: “Alikuwa anasoma”, “Alikwenda kusoma”, “Alikwenda akasoma”, “Alisoma kutoka asubuhi hadi jioni”. Usiwaulize watoto zina vitenzi vingapi. Waulize mambo matatu kwa kila moja: tunaweza kuipa kila sehemu saa yake? Tunaweza kulikana moja na kulikubali jingine? Ni lipi tunaloambiwa kwamba limetokea? Waache wabishane, na majibu yao yaandike pembeni mwa kila sentensi kabla ya kutaja neno kitenzi. Wakifika kwenye “Alikwenda akasoma”, bila shaka atatokea mmoja aseme ni jambo moja, kwa kuwa alikwenda ili asome. Mwombe ajaribu kuongeza “lakini hakusoma” kwenye sentensi hiyo, kisha aijaribu kwenye “Alikwenda kusoma”. Ataona mwenyewe ni ipi iliyokubali nyongeza hiyo na ni ipi iliyoikataa.